Ramani ya viti inakataa watoto wachanga wawili kukaa safu moja: tupange vipi familia kutoka KIA?

Baba wa Soweto (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua kusoma ile ramani ya viti inayofunguka kwenye skrini baada ya kukata tiketi ya ndege. Mwezi ujao tunaondoka KIA, tunabadilisha ndege njiani, kisha tunaendelea hadi Ulaya kwenye harusi ya shemeji yangu. Tupo sita: mimi, mke wangu na mtoto wetu wa miezi minane atakayepakatwa, binti yetu wa miaka sita mwenye kiti chake, na dada yangu pamoja na mwanawe aliyepita mwaka mmoja, ambaye naye atapakatwa. Viti tunavyohitaji ni vinne tu. Ndege ya kwanza imeandikwa Boeing 737-800, viti vitatu kila upande. Ya pili ni 787, viti vitatu mara tatu, nayo inaruka usiku.

Jambo linalonitatiza ni hili. Nikimweka mke wangu 20E, ramani inakubali. Nikimweka dada 20D pembeni yake, inakataa, ingawa kiti kinaonekana wazi. Nikianza na dada, yeye anakubaliwa na mke wangu anakataliwa. Nikijiweka mimi hapo hapo, hakuna tatizo lolote. Kuna sababu gani? Zaidi ya hapo, binti ameomba dirisha la upande wa Mlima Kilimanjaro, na mimi ni mrefu kiasi kwamba magoti yangu hugusa kiti cha mbele. Tupange vipi?

Mrefu wa Njiro

Ndugu yangu mwenye magoti, karibu chamani. Jibu ni rahisi: tafuta kwenye ramani safu ya mlango wa dharura, ile iliyo juu ya bawa, uilipie na mkae nyote hapo. Nafasi ya miguu ni kubwa kuliko safu nyingine yoyote ya daraja la kawaida, na mtoto anaweza hata kusimama mbele yako. Mimi sikai kwingine. Hilo la kukataliwa nadhani ni hitilafu ya tovuti, jaribu kwa simu nyingine.

Mhudumu Mstaafu

Ndugu Mrefu, kwa abiria anayesafiri peke yake ushauri wako ni mzuri, lakini kwa familia hii haufai hata kidogo. Safu ya mlango wa dharura hairuhusiwi kwa mtoto, kwa mtu aliyepakata mtoto, wala kwa mtu ambaye hawezi kufungua mlango mzito na kuelewa maelekezo ya wahudumu. Hata ukiilipia mtandaoni, mhudumu atakuhamisha kabla ndege haijaondoka, kwa sababu anawajibika kuhakikisha kila aliyekaa pale anaweza kusaidia wenzake kutoka. Na kumsimamisha mtoto mbele yako ni kuziba njia ambayo imeachwa wazi kwa ajili ya watu kukimbilia nje.

Sasa swali la Baba wa Soweto. Hiyo si hitilafu. Juu ya kila fungu la viti vitatu kuna kisanduku kinachofunguka chenyewe hewa ya ndani ikipungua, na humo huning'inia barakoa za oksijeni. Mara nyingi kwenye fungu la viti vitatu zipo nne: tatu za waliokaa na moja ya ziada kwa ajili ya mtoto aliyepakatwa. Mkiweka watoto wachanga wawili kwenye fungu hilo hilo, watu watano watagombea barakoa nne. Mfumo wa viti unajua kwamba mke wako na dada yako wameandikishwa na watoto wachanga, ndiyo maana unamkubali wa kwanza na kumkataa wa pili, lakini wewe unapita.

Dawa yake ni kuwatenganisha kwa fungu. Mmoja akae D, E au F, mwingine akae A, B au C. Au wakae upande mmoja lakini safu tofauti.

Mama wa Majengo

Mimi nina maelezo tofauti, na nayasema kwa sababu yalinikuta. Mashirika yanawatenganisha watu makusudi ili mlipie viti. Nilisafiri na mwanangu wa miaka minne kwa shirika ambalo sitalitaja, nikapewa kiti cha mbele na yeye akapangiwa safu za nyuma kabisa, katikati ya wanaume wawili wasiomjua. Kaunta waliniambia ndege imejaa. Ni abiria mmoja mwenye huruma aliyekubali kubadilishana nami tulipokwisha kuingia. Kwa hiyo tusiamini haraka kwamba kila kukataliwa ni kwa ajili ya usalama.

Fundi wa Hanga

Dada Mama wa Majengo, pole. Je, tiketi yako na ya mtoto zilikatwa pamoja, au mliongeza ya mtoto baadaye?

Mama wa Majengo

Ya mtoto ilikatwa baadaye, na baba yake, akiwa Dar.

Fundi wa Hanga

Basi hapo ndipo penye mzizi. Tiketi zikikatwa mara mbili huzaa namba mbili za buking, na kompyuta inapogawa viti humwona mtoto kama abiria asiye na uhusiano na wewe. Inabidi upige simu mapema na kuomba buking hizo ziunganishwe, au angalau iandikwe kwenye kila moja kwamba mtoto anasafiri na mtu mzima wa buking ya pili. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza inashauri watoto wadogo wakae safu moja na mtu wao mzima, na ikishindikana wasitengane naye kwa zaidi ya safu moja. Lakini huo ni mwongozo wa kwao, na huku huwezi kuutegemea ukiwa kaunta saa tisa za usiku.

Naungana na Mhudumu Mstaafu kuhusu barakoa, ila niongeze jambo kwenye ramani yenyewe. Kiti kilichofifishwa si lazima kiwe kimechukuliwa. Viti vingine hufungwa mpaka siku ya safari ili wafanyakazi wa kaunta wavigawe wenyewe: safu za mbele kwa wenye watoto wachanga, vingine kwa wagonjwa, vingine kwa ajili ya kusawazisha uzito. Kwenye ndege ndogo suala la uzito ni zito zaidi, kwa hiyo unaweza kuona nusu ya safu imefungwa na ndege ikaondoka safu hiyo ikiwa tupu. Vilevile kila ndege ina kikomo cha watoto wachanga kwa jumla. Kwa hiyo kukataliwa kwa 20D kunaweza kuwa kwa sababu yoyote kati ya hizi, na namna pekee ya kujua ni kujaribu.

Baba wa Soweto (Moshi)

Nashukuru. Nimejaribu sasa hivi. Mke wangu nimemwacha 20E na dada nimemhamishia 20C, ng'ambo ya korido: amekubaliwa mara moja. Kisha nikamjaribu 19F, safu ya mbele yake upande ule ule: amekubaliwa pia. Inaelekea Mhudumu Mstaafu amelenga penyewe. Sasa ninaona mipango miwili na sijui upi ni bora.

Mhudumu Mstaafu

Kabla hujachagua, ondoa 20C kwenye hesabu. Mtoto aliyepakatwa hapaswi kuwa koridoni. Kigari cha chakula hupita karibu sana na kiwiko cha aliyekaa pale, chai ya moto hupitishwa juu yake, na kichwa cha mtoto aliyelala hujitokeza njiani bila mama kujua. Mchanga akae katikati au dirishani.

Kwa hiyo ukitaka safu moja, panga hivi: binti 20F, mkeo na mchanga 20E, wewe 20C upate kunyoosha mguu mmoja koridoni wakati vigari havipiti, na dada yako na mwanawe 20B. Kati yako na mke wako kutakuwa na korido na mgeni mmoja wa 20D, lakini unaweza kuwafikia wote kwa hatua moja. Faida yake ni kwamba mtu mzima asiye na mchanga, yaani wewe, yupo katikati ya makundi mawili.

Bibi Harusi wa Himo

Naomba kutofautiana kidogo na dada yangu Mhudumu. Mimi nimelea watoto watatu na ninapenda mpango wa safu mbili upande mmoja. Dada akae 19F na mwanawe, halafu familia ikae nyuma yake: binti 20F, mama na mchanga 20E, baba 20D. Sababu yangu ni miguu ya binti wa miaka sita. Mtoto wa umri huo hupiga kiti cha mbele safari nzima, hata umkanye namna gani. Kiti cha mbele kikiwa cha shangazi yake, hakuna atakayegeuka kufoka. Tena shangazi akitaka kulaza kiti, anaweza kukubaliana na mpwa wake. Kwenye mpango wa Mhudumu, yule wa 19F ni mtu msiyemjua.

Mhudumu Mstaafu

Hoja ya miguu ninaikubali kabisa, malalamiko ya namna hiyo nimeyasuluhisha sana angani. Ila kumbuka kwamba dada mtu atakuwa dirishani, na wageni wawili wapo kati yake na korido. Mtoto wa mwaka mmoja anayejifunza kutembea hakai. Kila akitaka kwenda kubadilisha nepi atawainua watu wawili, akiwa amembeba mtoto na mfuko. Akikaa 19E, atamwinua mmoja tu.

Mrefu wa Njiro

Mbona hamjali magoti ya baba wa watu? Kwenye ramani hizi kuna namba inayoonyesha nafasi kati ya viti, mara nyingi inchi 30 hadi 32. Achague safu yenye namba kubwa.

Fundi wa Hanga

Namba hiyo haipimi nafasi ya goti. Inapima kutoka sehemu fulani ya kiti kimoja hadi sehemu ile ile ya kiti kinachofuata, kwa hiyo unene wa kiti chenyewe umo ndani yake. Kiti chenye mgongo mwembamba kikiwekwa kwa inchi 30 kinaweza kumwachia mtu mrefu nafasi zaidi ya kiti kinene cha inchi 31. Tena ndani ya daraja la kawaida, safu nyingi zina kipimo kile kile, kwa hiyo tofauti hutokana na mambo mengine.

Jambo la kwanza ni kisanduku cha chuma cha mfumo wa skrini, ambacho kwenye baadhi ya ndege huwekwa chini ya kiti cha mbele na kukunyang'anya nafasi ya mguu mmoja. Ramani ya shirika haikionyeshi. La pili ni safu iliyo mbele tu ya mlango wa dharura. Mrefu aisikilize hii: kwenye 737-800 kuna milango miwili ya dharura juu ya kila bawa, kwa hiyo safu za dharura ni mbili zinazofuatana. Viti vya ile ya mbele kwa kawaida havilali nyuma, maana vingeziba njia ya ile ya pili. Na safu inayotangulia zote mbili nayo mara nyingi imefungwa isilale nyuma kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anaiona kwenye ramani kama kiti cha kawaida kabisa, analipa, kisha anakaa wima hadi mwisho wa safari huku wa mbele yake amejilaza.

Mrefu wa Njiro

Hilo la safu mbili nimelijua, ndiyo maana huchagua ya pili. Hiyo inayotangulia sikuwa na habari zake.

Mzee wa Mbuyuni

Vijana, nami nichangie. Ukitaka utulivu kwenda Dar, kaa mbele. Injini zipo nyuma, kelele zinabaki nyuma. Na ukitelemka unakuwa wa kwanza kuchukua begi.

Fundi wa Hanga

Shikamoo Mzee. Baba wa Soweto haendi Dar, lakini umegusa jambo la maana, kwa sababu wengi tunaosafiri kwa ndege za mapanga kutoka KIA au kutoka uwanja mdogo wa Arusha tunakosea hapo. Kwenye ndege ya ATR au Q400, bawa lipo juu ya paa na mapanga yanazunguka mbele ya bawa. Kelele na mtikisiko mkubwa hupiga ukuta mahali mapanga yanapopita, yaani safu zilizo sambamba nayo na zile za jirani. Ukikaa nyuma ya hapo kwa safu kadhaa, sauti hupungua. Kwenye ATR abiria hupandia mlango wa nyuma, kwa hiyo hata hoja ya kuwa wa kwanza kutelemka inageuka: wa nyuma ndiye anayetangulia.

Kwenye ndege za injini za jeti kama 737 au Airbus A220, mambo ni kinyume chake. Injini zipo chini ya mabawa, mngurumo hutupwa nyuma, na aliyekaa mbele ya bawa husikia kidogo kuliko aliyekaa nyuma yake. Hapo Mzee upo sahihi. Safu ya 20 ya 737 ipo kuanzia bawa kwenda nyuma, kwa hiyo si mahali pa utulivu; mwenye watoto wachanga wawili aangalie kama safu za mbele zaidi zinapatikana.

Mzee wa Mbuyuni

Marahaba. Nimekuelewa. Lakini ile ya Dar nimeipanda, na mbele palikuwa kimya.

Fundi wa Hanga

Inawezekana ilikuwa A220, Mzee, yenye viti viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili. Hiyo haina mapanga.

Mzee wa Mbuyuni

Viwili na vitatu, ndiyo hiyo hasa.

Kijana wa Usa River

Turudi kwenye dirisha la binti. Ukiondoka KIA Mlima unaonekana kushoto. Kila mtu anajua hilo. Mpe 20A.

Mwongoza Wageni (Kibosho)

Kijana, kushoto ni kwa anayeondoka KIA kwenda Dar, na wanaotoka Dar kuja KIA huuona kulia. Huyu hajasema anaelekea Dar. Kiwanja kipo kusini-magharibi mwa Mlima. Mtu anayeelekea kusini-mashariki anauacha kushoto kwake. Anayeelekea kaskazini moja kwa moja, kwa mfano Nairobi au Addis Ababa, anauacha kulia. Kwa anayetoka Nairobi kuja huku, Kibo ipo kushoto na Meru ipo kulia. Ninyi wa upande wa Arusha mkikosa Mlima, mnayo Meru yenu, hamtalala njaa.

Baba wa Soweto, ndege yako ya kwanza inaelekea wapi hasa?

Baba wa Soweto (Moshi)

Addis Ababa.

Mwongoza Wageni (Kibosho)

Basi kulia, yaani F, na mpango wenu wa 20F unasimama.

Kijana wa Usa River

Nakubali kuhusu njia, lakini nimeshuhudia mwenyewe kwamba ndege ikikimbia barabarani kuelekea mashariki, Mlima upo kushoto mbele. Barabara ya KIA imelala mashariki na magharibi. Sasa kama siku hiyo itarukia mashariki, binti aliyekaa kulia atakuwa anatazama tambarare za Simanjiro wakati watu wa kushoto wanapiga picha.

Mwongoza Wageni (Kibosho)

Ni kweli kabisa kwa dakika zile za mwanzo. Ikishapinda kuelekea kaskazini, Mlima unahamia kulia, na hapo ndipo unauona ukiwa juu ya mawingu, jambo ambalo ni zuri kuliko kuuona kutoka chini. Ikirukia magharibi na kuzunguka, pia utakuwa kulia. Hofu yangu ni moja: rubani anaweza kuelekezwa kupita mashariki ya Mlima, na hapo hesabu yote inageuka. Kwa anayekwenda Doha ningesita zaidi, kwa sababu njia ya moja kwa moja kuelekea huko karibu inaukabili Mlima wenyewe, na ndege inaweza kuupita kwa upande wowote. Kwa Addis ninaona kulia kuna nafasi kubwa.

Bibi Harusi wa Himo

Hata upande ukiwa sahihi, mtoto anaweza kukosa dirisha lenyewe. Mwanangu wa pili alipangiwa kiti cha A, herufi ya dirishani, na pembeni yake palikuwa ukuta mtupu. Alilia mpaka tukaondoka ardhini.

Fundi wa Hanga

Ilikuwa 737 bila shaka, safu kidogo mbele ya bawa. Ndani ya ukuta wa pale hupita mifereji inayopandisha hewa ya kiyoyozi kutoka chini ya sakafu, kwa hiyo dirisha limeachwa. Ramani ya shirika huchora viti kama vigae vya sakafu, vyote sawa, na huonyesha herufi A au F hata pasipo na dirisha. Ukitaka kuona madirisha yalipo kweli, angalia kwenye tovuti ya aeroLOPA, ambako ndege huchorwa kwa uwiano wa vipimo na kila dirisha huwekwa mahali pake. Tafuta shirika lako na aina ile ile ya ndege, maana shirika moja linaweza kuwa na 737-800 za mipangilio miwili.

Ukiifungua, angalia pia bawa linaanzia na kuishia wapi. Kwa 20F nina wasiwasi kwamba binti atauona Mlima juu ya bawa, si chini yake. Safu chache nyuma ya ukingo wa bawa zinaona vizuri kwenda chini, lakini zina kelele zaidi na hutikisika zaidi hewa ikichafuka, kwa sababu karibu na bawa ndipo ndege inapotulia na mkia ndio unaoyumba. Safu za mbele ya bawa ni kimya na zinaona vizuri, ila huuzwa ghali na hujaa mapema.

Baba wa Soweto (Moshi)

Nimefungua. Safu ya 20 ipo juu ya nusu ya nyuma ya bawa. Safu ya 8 na ya 9 upande wa kulia zina madirisha mawili mawili na bawa lipo nyuma yake. Ada yake ni kubwa kidogo lakini ninaweza. Basi nimechukua 9D, 9E na 9F, na dada 8E kwa ushauri wa Mhudumu. Ramani imekubali zote nne.

Sasa ndege ya pili, ile 787 ya usiku. Nimeona safu ya kwanza ya daraja la kawaida, mbele yake kuna ukuta, na kuna alama ya kitanda cha mtoto. Je, tukae wote hapo?

Mhudumu Mstaafu

Mama wa mchanga wa miezi minane, ndiyo. Kitanda hutundikwa ukutani baada ya ndege kupaa, na mama hupumzisha mikono. Lakini ulizia uzito unaoruhusiwa, ambao kwa mashirika mengi ni karibu kilo 10 au 11. Huyo wa mwaka mmoja na zaidi huenda ameshapita, au hatoshi kwa urefu. Kitanda huombwa kwa simu, haitoshi kuchagua kiti, kwa sababu viti vya ukutani ni vingi kuliko vitanda.

Mama wa Majengo

Mimi siipendi safu hiyo kwa binti wa miaka sita. Meza za pale zimefichwa ndani ya egemeo la mkono, kwa hiyo egemeo halinyanyuki. Kwenye safu ya kawaida unanyanyua maegemeo, mtoto anajilaza mapajani kwa mama na miguu kwa baba, analala hadi asubuhi. Kwenye safu ya ukutani anakaa wima. Tena huwezi kuweka mfuko wa nepi miguuni wakati wa kupaa na kutua, lazima uende juu, na mtoto huchafuka wakati huo huo hasa.

Mrefu wa Njiro

Na ukuta ule haukupi nafasi ya kunyoosha mguu chini ya kiti cha mbele, kwa sababu hakuna kiti cha mbele. Goti linapona, unyayo unagota. Kwa mtu mrefu inategemea ukuta upo mbali kiasi gani.

Mhudumu Mstaafu

Yote mliyosema ni kweli, na bado mama aliyempakata mchanga usiku kucha bila kitanda hufika amechoka sana. Wangegawana: mama na mchanga kwenye safu ya ukutani, fungu la kati, na dada wa mume aketi safu hiyo hiyo fungu la pembeni, akiwa kiti cha katikati. Baba na binti wakae safu ya pili, nyuma ya mama. Binti hahitaji dirisha usiku. Tena madirisha ya 787 hayana pazia la kushusha, hutiwa giza kwa kitufe, na sisi wahudumu huweza kuyatia giza yote kwa pamoja.

Mama wa Majengo

Kumtenga binti na mama yake usiku, hata kwa safu moja, mimi nisingekubali. Atamwita mama kila saa na kuamsha wachanga wote wawili.

Bibi Harusi wa Himo

Binti wa miaka sita hulala vizuri kwa baba yake. Tatizo ni baba, kama atalala.

Baba wa Soweto (Moshi)

Nitaongea na mama watoto kwanza, yeye ndiye atakayeamua. Kesho asubuhi nitapiga simu kuomba kitanda na kuuliza uzito. Kuna jambo lingine la kuangalia?

Fundi wa Hanga

Fungua tena ramani siku chache kabla ya safari, kisha tena dirisha la kuchekini likifunguka, ambalo hutofautiana kati ya saa 24 na 48 kabla ya kuondoka kulingana na shirika. Mashirika hubadilisha ndege, na 737-800 ikigeuka kuwa 737 ya aina nyingine, 9F ya leo inaweza kuwa bila dirisha au mkahamishiwa safu msiyoichagua. Ukiona jina la ndege limebadilika kwenye buking, usisubiri kaunta. Na wakati wa kuchekini ndipo viti vingi vilivyofungwa hufunguliwa, hata vile vya ukutani.

Mwongoza Wageni (Kibosho)

Mnaondoka saa ngapi, Baba wa Soweto?

Baba wa Soweto (Moshi)

Alasiri, kabla ya saa kumi na moja.

Mwongoza Wageni (Kibosho)

Jua litakuwa magharibi, nyuma ya upande wenu wa kushoto, kwa hiyo kulia hakutakuwa na mwanga wa kuumiza macho. Mawingu ya mchana huufunika Mlima mara nyingi kutoka chini, lakini mkishayapita, Kibo ya mita 5,895 inaweza kuwa wazi juu yake. Mwambieni binti asikate tamaa mkiwa bado ardhini.

Kijana wa Usa River

Mimi bado nasema wakirukia mashariki, dakika za kwanza ni za watu wa kushoto.